Sababu ya Sita Haimo Kwenye Madesa

Mwaka jana nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha pili, kwenye dawati lenye mguu mmoja mfupi, nikitazama kipindi cha jiografia. Wanafunzi walikuwa 64, wamegawanywa vikundi vinane, kila kikundi na karatasi yake ya manila na kalamu ya maka. Mwalimu, kijana mchangamfu aliyejiandaa vizuri, aliandika ubaoni kazi ya siku hiyo: kila kikundi kijadili sababu tano za mmomonyoko wa udongo. Darasa likavuma kama mzinga wa nyuki kwa dakika 15. Kisha manila zikabandikwa ukutani, zote nane, na zote nane zilikuwa na sababu tano zilezile kwa mpangilio uleule: kukata miti, mifugo kuzidi malisho, kulima kwenye miteremko, kuchoma moto, mvua kubwa. Hakukuwa na muujiza wowote. Madesa ya mwaka juzi yalikuwa yanapita chini ya madawati.

Halafu binti mmoja wa kikundi cha dirishani akanyoosha mkono. Alisema, kwa Kiswahili, kwamba nyuma ya kwao malori yanachota mchanga mtoni kila alfajiri, ukingo unaporomoka, na migomba ya bibi yake ya mstari wa mwisho imeshakwenda na maji. Mwalimu akamwomba aseme kwa Kiingereza. Binti akabaki amesimama, midomo ikacheza kidogo, akakaa. Kengele ikalia.

Nilipomuuliza mwalimu baadaye, hakujitetea. "Ticha, anachosema ni kweli kabisa, hata mimi hayo malori nayaona," aliniambia. "Lakini mtihani ukija hiyo sababu ya sita haimpi alama, na mimi napimwa kwa ufaulu."

Kwenye fomu ya ukaguzi, kipindi kile kilipata alama ya vema upande wa mbinu shirikishi. Vikundi vilikuwepo, wanafunzi walizungumza, mwalimu hakuhutubu. Mimi nasema kilikuwa kipindi cha benki kuanzia salamu hadi kengele, na kwamba tumefika mahali ambapo benki imejifunza kupanga viti kwa duara. Ili nieleweke, itabidi nirudi kwa aliyeleta mfano huo wa benki, kwa sababu tumemnukuu sana kuliko tulivyomsoma.

Paulo Freire alizaliwa Recife, kaskazini mashariki mwa Brazili, mwaka 1921. Katika kitabu alichokiandika uhamishoni Chile na kukimaliza mwaka 1968, alieleza ufundishaji ambamo mwalimu ndiye mwenye fedha na mwanafunzi ni akaunti tupu. Mwalimu anaweka, mwanafunzi anapokea, anatunza, na siku ya mtihani anarudisha kile kile kilichowekwa. Wengi wamelichukua wazo hili kama lawama kwa mwalimu anayeongea sana, au kwa kukariri. Freire alikuwa anazungumzia jambo lingine. Alikuwa anauliza ni nani mwenye haki ya kuutaja ulimwengu. Katika benki, maneno yote yanatoka upande mmoja wa dirisha, na maswali pia. Anayepokea anajifunza jambo moja zaidi ambalo halimo kwenye silabasi: kwamba anachokiona kwa macho yake nyuma ya nyumba yao si elimu.

Waliomsoma Freire kwa kupitia semina hukumbuka duara, yaani kikundi cha watu waliokaa kwa mzunguko pamoja na mratibu wao, na picha. Kinachosahaulika ni kazi iliyofanyika kabla ya duara kukaa, na hapo ndipo tofauti yote ilipo. Tuchukue Angicos, mji mdogo wa bara kavu katika jimbo la Rio Grande do Norte, mwaka 1963. Watu wazima wapatao 300, wengi wao vibarua, mafundi na wafanyakazi wa nyumbani, walifundishwa kusoma na kuandika kwa muda wa saa 40. Waliowafundisha walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Natal. Lakini vijana hao hawakuanza na kitabu. Walianza kwa kuzunguka mjini kusikiliza watu wanavyozungumza, wakiandika maneno yanayorudiwa, yale yenye uchungu, yale yenye utani, majina ya vyombo vya kazi. Kutoka kwenye rundo hilo walichagua maneno machache tu. Freire alisema kwa Kireno maneno 17 hivi yanatosha, mradi yachaguliwe kwa mizani miwili: neno liguse maisha ya watu hao, na silabi zake zifungue sauti nyingi za lugha.

Kila neno lilipewa picha, na picha ilizungumziwa kwanza. Chukua neno lake mashuhuri, tijolo, yaani tofali. Watu wanaona picha ya wajenzi kazini, wanaeleza wanachokiona, wanafika kwenye swali la nani anajenga nyumba na nani anakaa ndani yake. Baada ya hapo ndipo neno linaonyeshwa, linakatwa vipande: ti, jo, lo. Kila kipande kinaletwa na ndugu zake: ta te ti to tu, ja je ji jo ju, la le li lo lu. Kisha mratibu ananyamaza, na watu wanaanza kuunganisha vipande kutengeneza maneno ambayo hakuna aliyewapa. Freire anasimulia kwamba katika duara moja mtu alijikuta ameunda sentensi nzima, tu já lê, ambayo maana yake ni "wewe tayari unasoma".

Sasa, kwa nini serikali ziliogopa silabi? Kwa sababu Brazili ya wakati huo asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura, na kizuizi hicho kilidumu hadi 1985. Kila aliyemaliza saa 40 alikuwa mpiga kura mpya. Rais João Goulart alikuja Angicos mwenyewe kufunga mafunzo mwezi Aprili 1963, na mpango wa taifa ukaandaliwa wa duara 20,000 kwa ajili ya watu milioni mbili. Miongoni mwa wageni wa siku ile alikuwemo Jenerali Castelo Branco. Mwaka uliofuata jeshi lilipindua serikali, jenerali huyo akawa rais, mpango ukafutwa, na Freire akawekwa ndani siku 70 hivi kabla ya kukimbilia uhamishoni. Nimekutana na wawezeshaji wengi wa mbinu shirikishi katika maisha yangu. Sijakutana na hata mmoja ambaye vikundi vyake na manila zake vilimnyima jenerali usingizi.

Kuna jambo moja ambalo sisi wenye Kiswahili tunalipita bila kuligusa. Njia ya Freire inategemea lugha ambayo silabi zake ni safi, konsonanti na irabu, na ambayo inaandikwa kama inavyotamkwa. Kireno kinakaribia hapo. Kiswahili ndicho hicho chenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kuendesha kisomo cha jioni cha watu wazima, ngumbaru kama wazee bado wanavyokiita, kwenye ukumbi wa kuazima pembeni mwa mji. Tulikuwa na watu 19. Wanaume wengi walikuwa wabeba zege, wanawake wengi mama lishe na wauza genge. Kwa wiki mbili hatukufundisha chochote. Tulikula kwa mama lishe, tukapanda boda, tukakaa kijiweni alfajiri pale ambapo watu husubiri kuchukuliwa kazini, na tukaandika maneno. Neno lililorudi mara nyingi kuliko yote lilikuwa kibarua.

Ni neno lenye historia mbaya na nzuri. Kibarua ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kuonyesha kwamba amefanya kazi siku hiyo. Taratibu jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika. Yaani tuna neno katika lugha yetu linalomwita mfanyakazi kwa jina la maandishi ambayo, mara nyingi, hakuweza kuyasoma. Tulipolieleza hilo darasani, kulikuwa na ukimya, kisha mzee mmoja akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Kwanza ilikuwa picha, iliyochorwa na fundi wa mabango wa mtaani: watu wanapanga foleni mbele ya nyapara jioni, nyapara ana daftari na kidau cha wino, mtu wa mbele ananyoosha dole gumba. Tuliuliza tu, mnaona nini hapa? Kwa dakika chache walieleza picha. Kisha wakaacha kueleza picha wakaanza kujieleza wenyewe. Mmoja alisema alifanya kazi siku 12, akalipwa za siku 10, na alipolalamika aliambiwa daftari linasema 10, na dole gumba ni lako. Mwingine akasema si daftari linalosema, ni aliyeliandika. Mama mmoja muuza genge akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: kwa nini nyapara peke yake ndiye mwenye daftari? Sikuwa na jibu kwenye maandalizi yangu, na sasa naweza kukiri kwamba hapo ndipo nilipojua somo limeanza.

Ndipo tukaandika neno ubaoni, tukalikata, ki-ba-ru-a, tukaweka ukoo wake chini:

ka ke ki ko ku
ba be bi bo bu
ra re ri ro ru
a e i o u

Tukanyamaza. Neno la kwanza kutoka lilikuwa baba, la pili kuku, kama ungetarajia. Kisha mama lishe akapata birika na bei. Mwingine akapata bure, akagundua ukibadili irabu moja inakuwa bora, akafurahi kama mtoto. Zikaja kero, bara, baraka, kaburi. Kijana mmoja akapata kiboko, mwenzake akajibu kwa bakora, na wote wakacheka kwa sababu kila mtu mle ndani alikumbuka kwa nini aliacha shule. Mtu akapata kura. Na mimi, nikiwa nimesimama pembeni, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba silabi hizohizo zinatoa pia kukariri. Hivyo kwa neno moja tu, watu wasiojua kusoma walikuwa wametengeneza maneno zaidi ya 20, na hakuna hata moja nililowapa. Kwa hesabu yangu, maneno 15 yaliyochaguliwa vizuri yanamaliza sauti zote za Kiswahili pamoja na mb, nd, ng' na zile za mw na kw.

Mama mwingine alipata kikoba, akaniambia nikiandike kwa herufi kubwa kwa sababu yeye ndiye mshika ufunguo wa kikoba chao. Mtu anayetaka kuelewa Freire pasipo Kireno na akatazame sanduku la kikoba. Lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Mfano huu usiburutwe mbali sana, lakini tangu siku hiyo nimeuona ni bora kuliko maelezo mengi.

Ukishaona kazi inayotangulia duara, unaanza kutambua wapi imerukwa. Katika mikoa ya Ziwa, kuanzia 1968, Tanzania na UNESCO waliendesha mradi mkubwa wa kisomo chenye manufaa. Vitabu vyake vilijengwa juu ya kazi za watu, pamba na migomba miongoni mwake, na watu wengi walijifunza kusoma. Kwa juu inafanana na Freire, kwa sababu neno pamba ni neno la mkulima. Lakini kusudi la kitabu cha pamba lilikuwa mkulima alime pamba vizuri zaidi. Jibu lilikuwa limeshapatikana kwa wataalamu, na herufi zilikuwa gari la kulibeba. Neno limechukuliwa kutoka kwa mkulima, swali halikuchukuliwa kutoka kwake. Kama lingechukuliwa, nadhani lingekuwa kuhusu mizani na bei.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikwenda mbali zaidi kwa ukubwa: vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, watu wapatao milioni mbili, wiki 12. Watu walikaa duara, wakasikiliza, wakajadili, wakachimba vyoo. Mimi siidharau kampeni ile hata kidogo; choo ni choo, na kipindupindu hakisubiri mjadala ukomae. Ila tusiite kila kitu kizuri kwa jina moja. Pale kilichojadiliwa kilikuwa namna ya kutekeleza, na uamuzi wenyewe ulikuwa umeshafika kwa redio. Ilikuwa amana nzuri, iliyowekwa kwa busara, na iliokoa maisha. Bado ilikuwa amana.

Linalouma zaidi ni yaliyoipata Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere alipoandika waraka ule mwaka 1967, alikuwa anailaumu shule ya kikoloni kwa kumtenga mtoto na jamii yake na kuabudu kitabu na mtihani. Miaka michache baadaye, waraka huo wenyewe ukawa mada ya kusomwa, na sisi tuliokuwa madarasani tukaandika malengo yake kwa mpangilio, tukayameza, tukayatema kwenye karatasi ya mtihani. Kipindi cha kujitegemea kwenye ratiba kikawa cha kufyeka majani, na kwa shule nyingi kikawa ndiyo adhabu. Nilipata alama nzuri sana katika swali la kueleza kwa nini kukariri ni kubaya.

Freire aliliona hilo kama hatari ya walio upande wake kuliko ya maadui. Mtu anayekuja kijijini na ukombozi uliofungashwa tayari, akawafundisha watu kauli za kuitikia, anaweka amana kama mwingine yeyote. Sarafu yake imechapishwa picha nyingine tu. Alifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye aliandika kwamba alipokanyaga ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza hapa, alijiona kama anayerejea na si anayewasili. Ni maneno matamu, na tumeyapenda. Lakini Afrika ndiyo iliyompa pia somo lake chungu kabisa, na hilo hatulisemi sana.

Guinea-Bissau ilipopata uhuru, serikali ilimwalika Freire na wenzake kusaidia kampeni ya kisomo kuanzia 1975. Walikuwa na kila kitu ambacho Brazili hakikuwepo: serikali iliyowataka, chama kilichopigana vita vya ukombozi, wananchi wenye ari. Walikosa kitu kimoja. Uongozi uliamua kisomo kiwe kwa Kireno, na mwananchi wa kawaida wa vijijini Kireno hakukijua. Alizungumza Krioli, au lugha ya kwao tu. Utafanyaje utafiti wa maneno ya watu katika lugha ambayo hawana maneno yake? Picha ikiwekwa mbele, mtu atasema nini? Atasubiri aambiwe. Matokeo yalikuwa duni sana. Mwezi Julai 1977 Freire alimwandikia Mário Cabral, aliyesimamia elimu ya nchi hiyo, akimsihi juu ya lugha, na barua hiyo ilikuja kuchapishwa miaka kumi baadaye. Njia ambayo Angicos iliwafanya vibarua wasome kwa saa 40 ilikwama, si kwa sababu watu wa Bissau walikuwa tofauti, bali kwa sababu mazungumzo hayawezekani katika lugha ambayo upande mmoja haujui kuuliza swali.

Nilimkumbuka Freire wa Bissau nilipomtazama yule binti wa dirishani akikaa. Tanzania ilibadili mtaala wa sekondari mwaka 2005 kuelekea ujuzi. Kenya ina mtaala wake wa umilisi. Karatasi zote mbili zinamtaka mwanafunzi awe kitovu cha somo. Lakini mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta mlango umebadilishwa kufuli, hawezi kuwa kitovu cha kitu chochote. Anachoweza ni kunakili. Madesa hayatokani na uvivu wa vijana. Ni sarafu pekee inayopokelewa dirishani. Mwalimu naye anajua, ndiyo maana anafundisha kwa Kiingereza, anafafanua kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, anarudi kwenye Kiingereza mkaguzi akipita. Nimeona walimu hodari wakifanya hivyo, na nasema ni sehemu hiyo ya sauti ya chini ambamo elimu hutokea.

Kuna pingamizi ninalolisikia mara kwa mara, na ni la haki. Watu husema: basi mwalimu asifundishe? Tukae tu tuulizane? Na kukariri kote ni dhambi, hata mtoto wa chuoni anayehifadhi sura kwa ubao wake, hata mtu wa Lamu anayejua beti mia kwa moyo? Hapana. Kukariri ni chombo, na anayejua shairi kwa moyo ana kitu cha kufikiria akiwa safarini bila taa. Wala Freire hakumfuta mwalimu. Angalia tena kile kibao cha ka ke ki ko ku. Hakuna mtu aliyekivumbua kwa mjadala. Mratibu ndiye aliyekileta, tayari, na akasema huyu anaitwa k. Kuna mambo ambayo kuyajadili ni kupoteza muda wa watu waliochoka.

Namna alivyoielewa nafasi ya mwalimu ilionekana vizuri zaidi Chile, kwenye kikao na wakulima ambao katikati ya mazungumzo walinyamaza wakamwomba radhi: wewe ndiye unayejua, bwana, sisi hatujui. Freire hakuwajibu kwa kuwasifia. Aliwapendekezea mchezo. Yeye aulize, wao wajibu, kisha wao waulize, yeye ajibu, na asiyejua ampe mwenzake pointi. Akaanza na swali la falsafa ya Sokrate. Hawakujua, wakacheka. Wao wakamuuliza kuhusu mistari ya kontua shambani. Hakujua. Aliuliza kuhusu Hegel, wao wakauliza kuhusu kutia chokaa kwenye udongo. Yeye akauliza kuhusu vitenzi, wao wakauliza kontua zinahusiana vipi na mmomonyoko wa udongo. Mchezo uliisha kumi kwa kumi. Hakusema kwamba Hegel ni sawa na chokaa, wala kwamba mkulima hana haja ya Sokrate. Alionyesha tu kwamba ujinga umegawanywa kwa haki kuliko heshima ilivyogawanywa.

Kontua na mmomonyoko. Wakulima wa Chile walimuuliza mwanafalsafa swali ambalo binti wa kidato cha pili alikuwa amelibeba kutoka mtoni, na darasa lenye manila nane halikuwa na mahali pa kulibandika. Sasa nikiingia darasani kuangalia wenzangu, sihesabu vikundi wala dakika alizoongea mwalimu. Natafuta kitu kimoja kwenye zile karatasi za ukutani: je, kuna lolote lililoandikwa pale ambalo mwalimu hakulijua asubuhi alipokuwa anapiga mswaki? Kama hakuna, kikao kilikuwa cha kuhesabu salio. Na simlaumu mwalimu peke yake, kwa sababu yeye mwenyewe amewekewa amana kutoka juu, na siku ya matokeo atadaiwa na riba.

Nirudi kwa yule aliyelipwa siku 10 badala ya 12. Baada ya wiki sita hivi alikuwa anaandika tarakimu na maneno mafupi bila kusita. Akanunua daftari dogo la mia tano, akalifunga kwa mpira, akawa anaandika kila jioni siku aliyofanya kazi na saa aliyotoka. Wenzake wawili kwenye saiti wakamwomba awaandikie na wao. Siku ya malipo nyapara alisoma hesabu yake, na yeye akatoa daftari akasoma ya kwake, mbele ya foleni. Walilipwa siku zote. Wiki iliyofuata kibarua chake kikaota nyasi. Aliambiwa kazi imepungua.

Nilidhani hatarudi darasani, na nilikuwa najiuliza nitamtazama vipi, kwa sababu sisi tuliochora picha ile hatukupoteza kitu. Alhamisi akaja, amechelewa kidogo, akakaa mahali pake. Tulikuwa tumepanga neno la siku hiyo liwe maji. Akaomba tuweke daftari. Nikamwambia ile fta ina konsonanti mbili pamoja, ni ngumu, kwa mpangilio wetu inakuja mwishoni kabisa. Akasema ugumu wake anaujua. Tukafuta maji, tukaandika daftari.